Kabla ya kutoa pesa, tusome mgongo wa paneli



Vikundi vingi vya Butembo na Beni vimetuuliza swali moja: paneli ya wati ngapi inafaa na batri ya ukubwa gani? Sisi wa Bulengera tulikuwa na swali hilohilo tulipotaka kuwasha taa katika nyumba yetu ya mikutano. Pesa tuliyokuwa nayo ilikuwa faida ya mwaka mzima ya mfuko wetu wa akiba, iliyotoka katika unga wa muhogo, mafuta ya mawese na vitenge. Pesa ya namna hiyo hairudi mara mbili. Kwa hiyo leo tunawaeleza jinsi tulivyochagua, hatua kwa hatua, ili kila kikundi kiweze kufanya hesabu yake chenyewe.

Tulikuwa na paneli mbili za kuchagua. Moja ilikuwa katika duka la hapa Butembo. Ya pili ilikuwa Beni, ambako dada zetu wa Bungulu walituambia kuna paneli kubwa inayouzwa. Kutoka kwetu mpaka Beni ni kilometa zipatazo 54, na mnajua wenyewe kwamba barabara ile si ya kusafiri kwa ajili ya kutazama kitu tu. Tukawaomba dada zetu watutumie picha.

Picha ya kwanza waliyotuma ilionyesha upande wa mbele, ule mweusi unaong'aa. Upande huo hauelezi kitu. Maneno yote yako mgongoni, kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya kioo. Tukawaomba tena: mfute vumbi kwa kitambaa, muigeuze paneli kivulini ili mwanga usirudi machoni mwa simu, msimame sawasawa mbele ya karatasi wala si kwa pembeni, na msiwashe taa ya simu. Halafu mpige picha ya pili ya paneli nzima, ikiwa na futi ya fundi cherehani imenyooshwa juu yake, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Mwishoni mzitume picha kwa Watsapu kama dokimenti, si kama picha ya kawaida, kwa sababu picha ya kawaida inapunguzwa njiani na tarakimu ndogo zinachafuka. Nukta ikipotea, 5.56 inasomeka 556.

Paneli ya Butembo tuliipiga picha wenyewe dukani. Hivi ndivyo karatasi yake ilivyosomeka:

Pmax 200 W
Vmp 18.0 V
Imp 5.56 A
Voc 21.6 V
Isc 6.1 A

Na hii ndiyo ya Beni:

Pmax 250 W
Vmp 30.5 V
Imp 8.2 A
Voc 37.8 V
Isc 8.7 A

Karatasi inaweza kuandikwa kwa Kifaransa, Kiingereza au Kichina, lakini herufi hizi ni zilezile. Wengine huandika Vmpp na Impp, ni kitu kimoja. Pmax ni nguvu, yaani wati. Vmp na Imp ni volti na ampea wakati paneli inafanya kazi vizuri. Voc ni volti wakati haijaunganishwa na kitu, na Isc ni ampea nyingi kabisa inazoweza kutoa.

Anayechota maji kwenye chanzo cha mlimani ataelewa upesi. Volti ni urefu ambao maji yanaanguka. Ampea ni unene wa maji yanayotiririka. Wati ni vyote viwili pamoja: volti mara ampea. Na hapo ndipo kipimo cha kwanza cha ukweli, kwa sababu Vmp ikizidishwa na Imp lazima ilete Pmax ileile iliyoandikwa juu.

Tukaanza na ya Beni: 30.5 mara 8.2 ni 250. Karatasi inakubaliana na yenyewe. Tukaja kwa ya Butembo: 18 mara 5.56 ni 100. Lakini juu imeandikwa 200! Kwanza tukadhani tumesoma nukta vibaya, tukaikuza picha kwenye simu. Nukta ilikuwa mahali pake. Karatasi ile ilikuwa na wati 200 kwa maandishi makubwa na wati 100 ndani ya tarakimu ndogo.

Futi ikatusaidia kuamua nani anasema kweli. Paneli ile ilikuwa na urefu wa sentimita 102 na upana wa sentimita 67. Ukizidisha, unapata kama meta mraba 0.68. Paneli nzuri za siku hizi hutoa karibu wati 200 kwa meta mraba nzima, na zile za zamani chini ya hapo. Kipande cha 0.68 hakiwezi kutoa 200 hata kama jua lingeshuka kukaa juu ya bati. Ya Beni ilikuwa na sentimita 164 kwa 99, yaani kama meta mraba 1.6, na wati 250 zinaingia humo bila shida.

Basi mama mmoja wa kwetu akasema jambo limekwisha: ya Butembo inadanganya, ya Beni ni ya kweli na ni kubwa, tuchukue ya Beni. Hapa tunaomba mtusikilize vizuri, kwa sababu jibu halikuwa hilo.

Batri haijazwi na wati zilizoandikwa kwenye paneli. Inajazwa na ampea. Regilateri ndogo ya kawaida, ile nyepesi ya plastiki inayouzwa kila mahali, kazi yake ni kuunganisha paneli moja kwa moja na batri, kisha kukata batri ikijaa. Inapounganisha, batri ya volti 12 inaivuta paneli ishuke mpaka kwenye volti za batri, yaani kama 13. Ampea zinapita, lakini volti zilizozidi hazifiki kwa batri. Zinapotea.

Sasa tazama paneli ya Beni kwa jicho hilo. Inatoa ampea 8.2. Kwenye batri ya volti 13 hizo ni 8.2 mara 13, yaani wati 107 hivi. Umelipia 250, unapata 107. Paneli ya Butembo inatoa 5.56 mara 13, yaani wati 72. Umelipia 100, unapata 72. Ndiyo maana paneli ya batri ya volti 12 inatengenezwa na Vmp ya karibu 18: inazidi batri kidogo tu, ili joto likipunguza volti juu ya bati bado batri ijae.

Dada zetu wa Bungulu wakauliza: je, tukiunganisha batri mbili za volti 12 ziwe volti 24, paneli ya 30.5 haitafaa? Kwenye karatasi inaonekana inafaa. Lakini tarakimu za karatasi zilipimwa paneli ikiwa na nyuzi joto 25. Juu ya bati la Beni saa sita mchana paneli inafika kwa urahisi nyuzi 55, na Vmp inashuka mpaka kama 27. Batri ya asidi ya volti 24 inahitaji zaidi ya 28 ili ijae kabisa. Ingebaki haishibi kila siku. Kwa batri ya volti 24 na regilateri ya kawaida inatakiwa paneli yenye Vmp ya karibu 36.

Paneli ile ya Beni inahitaji regilateri ya aina nyingine, inayoitwa MPPT, ambayo inageuza volti zilizozidi kuwa ampea. Hiyo ni ghali zaidi, na tahadhari: visanduku vingi vyepesi vya plastiki vimeandikwa MPPT juu lakini ndani ni ya kawaida. Ya kweli ni nzito mkononi, kwa sababu ina koili ya shaba ndani, na mara nyingi mgongo wake ni wa chuma chenye mapezi ya kupoza joto. Tena kuna jambo la Voc. Kila regilateri ina kikomo cha volti za paneli kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Kikiwa 25, paneli yenye Voc ya 37.8 itaichoma siku ya kwanza. Na asubuhi ya baridi ya Butembo Voc hupanda kidogo, kwa hiyo ongezeni sehemu moja ya kumi juu ya Voc kabla ya kulinganisha.

Tukarudi kwa mwuzaji wa Butembo tukiwa na picha na hesabu. Hatukwenda kwa ugomvi. Tulimwomba aitoe paneli juani saa sita, na kijana fundi wetu akaleta multimeta. Volti zilikuwa 20.1. Kisha akaweka multimeta kwenye ampea 10, akagusisha waya mbili za paneli: ampea 5.7. Ingekuwa ya wati 200 ya kweli ingetoa karibu mara mbili yake. (Paneli yenye Isc inayopita 10 msiipime hivyo, fyuzi ya multimeta itakatika.) Mwuzaji akasema yeye pia ananunua katika katoni zinazopitia Kasindi na karatasi inakuja imekwisha bandikwa. Mama mweka hazina wetu akamjibu kwamba hatubishani na karatasi, tunanunua ampea 5.56 kwa bei ya paneli ya 100. Akakubali. Paneli yenyewe haikuwa mbaya. Bei ndiyo ilikuwa ya paneli nyingine.

Sasa batri. Tulianza na matumizi, si na dukani. Tunahitaji ampuli 4 za LED za wati 5, kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne, kwa mama wanaoshona kwa cherehani za miguu na wale wanaojifunza kusoma. Hiyo ni 4 mara 5 mara saa 4, yaani wati-saa 80. Redio ya wati 5 kwa saa 4 ni 20. Halafu simu: wengi walitaka tuchaji simu 8 kila siku. Simu kubwa ya siku hizi, ikijazwa kutoka sifuri, inakunywa karibu wati-saa 20, sawa na ampuli moja kwa jioni nzima. Simu 8 ni 160. Jumla ikawa 260. Ukigawa kwa volti 12, ni ampea-saa karibu 22 kila siku.

Na paneli inaleta ngapi? Hapa kwetu, karibu na mstari wa ikweta, mchana una saa 12, lakini asubuhi na jioni jua ni dhaifu, na mawingu ya milimani yanakuja mapema. Kwa kupanga tunahesabu saa 4 za jua kamili. Ampea 5.56 mara 4 ni 22. Hapo toa sehemu moja katika tano inayopotea kwa vumbi, waya na batri yenyewe. Zinabaki kama 18. Siku ya mvua ya Oktoba au Novemba inaweza kuwa nusu ya hapo.

Tunaleta 18 na tunataka kutoa 22. Mama prezida akasema ni kama familia inayovuna magunia 18 na kula 22. Hakuna batri inayoweza kuponya hilo, hata iwe kubwa namna gani. Tukapunguza simu kutoka 8 mpaka 3. Wati-saa zikashuka mpaka 160, yaani ampea-saa kama 13 kwa siku. Sasa tunavuna 18 na kula 13, na kile kinachobaki kinarudisha batri baada ya siku za mvua. Simu za ziada tunazichaji saa saba mchana tu, siku ambayo jua ni kali na regilateri inaonyesha batri imejaa, kwa sababu wakati huo umeme wa paneli ungepotea bure.

Batri ya asidi, hata ile ya jeli, isitolewe zaidi ya nusu, la sivyo inakufa mapema. Kwa usiku mmoja wa ampea-saa 13 tunahitaji batri ya 26. Kwa siku mbili bila jua ni mara mbili yake, yaani 52. Dukani tulikuta ya 50, ya 65 na ya 100. Tukachukua ya 65.

Kwa nini si ya 100, au ile ya 200 ambayo jirani alitusifia? Kwa sababu batri ya asidi inapenda ichajiwe kwa ampea karibu sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake. Ya 65 inapenda 6.5, na paneli yetu inatoa 5.56, ni karibu. Ya 200 ingetaka 20. Ikishuka mpaka nusu, ingehitaji ampea-saa 100, na kwa 18 kwa siku hizo ni siku sita za jua zuri bila kuwasha ampuli hata moja. Batri inayokaa majuma bila kujaa inaota ukoko mgumu kwenye sahani zake za risasi, na baada ya miezi inakataa chaji. Watu husema batri ilikuwa mbovu, kumbe ilikuwa na njaa. Batri ya gari nayo hatukuichukua: sahani zake ni nyembamba, imetengenezwa kwa kuwasha injini kwa sekunde chache, si kutoa polepole usiku kucha.

Isc ilitusaidia kuchagua regilateri na waya. Isc yetu ni 6.1, kwa hiyo regilateri ya ampea 10 inatosha na kubakiza nafasi. Waya kutoka kwenye bati mpaka ndani ni meta 10, tukatumia wa milimita mraba 4, kwa sababu waya mwembamba unakula volti njiani. Na karibu kabisa na ncha ya kujumlisha ya batri tuliweka fyuzi ya ampea 10. Msiiache hiyo. Paneli haiwezi kutoa zaidi ya Isc yake, lakini batri waya zake zikigusana inatoa mamia ya ampea kwa mara moja, na waya unawaka moto. Wakati wa kuunganisha, batri inaanza kwenye regilateri, paneli inafuata. Wakati wa kutoa, paneli inatoka kwanza.

Kila asubuhi kabla ya jua kupanda, mama wa zamu anapima volti za batri na kuandika katika daftari. 12.7 ni batri iliyojaa, 12.2 ni nusu. Ikisoma chini ya 12.2, usiku ule tunawasha ampuli mbili badala ya nne na hakuna simu inayochajiwa. Tangu tuanze, kiasi cha chini kabisa kilikuwa 12.2, baada ya siku tatu za mvua mfululizo, na siku iliyofuata tulikuwa gizani nusu lakini batri ilipona.

Dada zetu wa Bungulu wao bado hawajanunua. Wanataka kuchaji simu za soko la Kilokwa kama biashara, na kwa kazi hiyo paneli ya 250 inaweza kuwa nzuri, kwa sharti waipate regilateri ya MPPT ya kweli. Hesabu yao ni nyingine: wati 250 kwa volti 13 ni ampea 19 kwenye karatasi, karibu 15 juu ya bati, na batri ya 150. Wanaongeza akiba mpaka pesa ya vitu vyote vitatu iwe mezani pamoja, kwa sababu paneli ile bila regilateri yake ingewapa ampea 8 tu.

Kikundi kinachotaka tuhesabu pamoja, kituletee picha ya mgongo wa paneli, vipimo vya futi, picha ya karatasi ya regilateri, na orodha ya vitu vitakavyowashwa na saa zake. Njooni kabla ya kumlipa mwuzaji.